Slaisi za jibini na mgonjwa wa figo: soma nyuma ya pakiti

Slaisi si ni jibini tu iliyokatwa vipande?

Sivyo. Jibini halisi ya cheda ina vitu vinne: maziwa, bakteria wa kuyachachusha, renneti ya kuyagandisha na chumvi. Kilo moja hula karibu lita 10 za maziwa. Slaisi hutengenezwa kwa kuyeyusha jibini kidogo au nyingi pamoja na maji, unga wa maziwa na mafuta, wakati mwingine ya mawese. Viungo huandikwa kwa kufuata uzito, kilichozidi kikitangulia. Maji yakiwa ya kwanza, ujue umenunua nini.

Hizo E339 na E452 kwenye orodha ya viungo ni nini?

Ni chumvi za fosfeti. Huing'oa kalisi kwenye protini ya maziwa, nayo protini ikilegea hushika maji na mafuta kwa pamoja. Ndiyo maana slaisi huyeyuka laini bila kutoa mafuta pembeni. E450 ni ya ukoo huohuo. E331 ni sitreti, haina fosfeti, ila ina sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani.

Nina ugonjwa wa figo, lakini slaisi ni maziwa tu na wala haina chumvi kali. Nile?

Hapana. Ulimi haupimi sodiamu, na fosfeti haionjeki. Mama mmoja kliniki yetu alikula slaisi nne kwa siku, mbili asubuhi na mbili jioni, akiamini anapumzisha figo kwa kuacha nyama. Pakiti yake iliandika miligramu 1,400 za sodiamu kwa gramu 100. Slaisi moja ni gramu 20, yaani miligramu 280. Nne ni 1,120, zaidi ya nusu ya 2,000 ambayo Shirika la Afya Duniani linaweka kuwa kikomo cha siku kwa mtu mzima. Na hapo hajagusa ugali wala mboga.

Fosfeti ya kiwandani ndiyo inayonisumbua zaidi, maana figo mgonjwa hushindwa kuitoa. Ile iliyomo ndani ya chakula chenyewe mwili huchukua sehemu tu. Hii ya kuongezwa hufyonzwa karibu yote. Jedwali la virutubisho mara nyingi halionyeshi kiasi chake, kwa hiyo soma orodha ya viungo.

Basi nile cheda halisi nipendavyo?

Hapana tena. Nayo ina fosfeti na chumvi. Kipande kidogo, siku chache, baada ya kuonyesha vipimo vyako vya damu kwa mtaalamu wako wa lishe.

Mwili unaniwasha na miguu imevimba. Nimeacha slaisi, nisubiri tarehe ya kliniki?

Usisubiri. Kuacha slaisi hakutoi maji yaliyokwisha kujaa mwilini. Njoo leo. Ukishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, nenda hospitali usiku huohuo. Nawaomba sana, msikae nyumbani wiki mbili mkipaka mafuta ngozi inayowasha. Na pakiti tupu njoo nayo, tuisome pamoja.