"Dokta nina gesi, naitoa lakini haiishi": dhana potofu kuhusu kubeua

Jamani leo niliongelee hili maana nimelisikia mpaka basi. Mtu anaingia, anakaa, hata sijamuuliza kitu anabeua, anashika kifua, anabeua tena, alafu ananiambia dokta nina gesi nyingi tumboni, naitoa lakini haiishi. Nikimwambia hebu nionyeshe unavyoitoa, anarudisha kidevu nyuma, shingo inakaza, kifua kinajivuta, mbweu inatoka. Kisha ananiangalia kama vile kesi imeisha. Na kweli kwangu inakuwa imekaribia kuisha, maana hapo hapo nimeshaona hewa inapoingilia.

Dhana yenyewe inasema hivi: tumbo linatengeneza gesi, gesi imejaa, ukibeua unapunguza, kwa hiyo ukijisikia umejaa jilazimishe kubeua, na ikigoma kunywa soda baridi iisukume. Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote kwa sababu dawa ambayo mtu anajipa ndiyo hiyo hiyo inayomuumiza.

Tuanze na hewa inatoka wapi. Mbweu nyingi ni hewa ya kawaida tu, hii hii tunayovuta, umeimeza. Kila ukimeza tonge au fundo la maji kuna hewa kidogo inashuka nayo, hiyo haina shida, inakusanyika sehemu ya juu ya tumbo, tumbo likitanuka kidogo ile misuli inayofunga mlango kati ya umio na tumbo inalegea sekunde chache, hewa inapanda, unabeua, imeisha. Mtu mzima mwenye afya anaweza kubeua mpaka mara 30 kwa siku na asiwe na ugonjwa wowote. Sasa ukila haraka unameza matonge makubwa ambayo hayajatafunwa vizuri, unashushia na maji kwa mafundo makubwa, unaongea mdomo umejaa, kila kimoja kinaongeza hewa. Nusu saa baadaye tumbo limejaa, unabeua mfululizo, unasema chakula kimeniletea gesi. Hakijakuletea, umeimeza mwenyewe.

Mpaka hapo ni tatizo dogo. Tatizo kubwa linaanza pale unapojifunza kubeua kwa kulazimisha. Ukivuta shingo na kukaza kifua namna ile, dayaframu, ule msuli wa kupumulia ulio kati ya kifua na tumbo, inashuka, koo linafunguka, hewa inanyonywa kuingia kwenye umio, na kabla haijafika hata tumboni, ndani ya sekunde moja, unaisukuma irudi nje. Ile mbweu uliyoisikia haikuwa na uhusiano wowote na tumbo. Ni hewa uliyoivuta sasa hivi na kuirudisha sasa hivi, na kama kuna nyingine imeteleza ikashuka tumboni basi umejiongezea. Unajisikia nafuu kidogo, hisia ya kujaa inarudi, unarudia. Mtu anaweza kuendelea hivyo mchana kutwa na mwili ukazoea mpaka ukawa unafanya wenyewe bila yeye kujua.

Kuna mwalimu mmoja wa shule ya msingi (nimebadilisha vitu viwili vitatu asijulikane) alikuja akiwa ameshatumia omeprazoli miezi na miezi, ameshapewa antibiotiki za bakteria wa vidonda vya tumbo, ameacha maharage, ameacha maziwa, ameacha pilipili, na bado anabeua. Pale kwenye kiti alikuwa anabeua kama kila nusu dakika. Nikamuuliza, "Mwalimu, ukilala unabeua?" Akasema hapana. "Ukiwa unafundisha, unasoma hadithi kwa sauti mbele ya darasa?" Akafikiria, akasema, "Hapo hapana, ila kengele ikigonga tu inaanza." Nikaanza kumuuliza habari za darasa lake, wako wangapi, nani msumbufu, akaongea muda mrefu tu na hakubeua hata mara moja. Nilipomrudisha kwenye tumbo, nikamwambia sasa turudi kwenye gesi yako, akarudisha kidevu, mbweu. Gesi ya tumboni hasa haina adabu ya kusubiri umalize kuongea. Ikiisha ukilala, ikatulia ukiwa na jambo lingine kichwani, na ikaongezeka ukiizungumzia au ukiwa na stresi, hiyo inatengenezwa juu, kwenye koo na kifua, na hakuna kidonge cha tumbo kitakachoizuia. Omeprazoli inapunguza asidi tu, hewa uliyomeza haiijui.

Nikamuuliza anavyokula. Mapumziko ni mafupi, chai ya rangi ya moto sana, chapati mbili, madaftari ya kusahihisha pembeni. Chai ya moto unainywaje haraka? Unaifyonza, ile sauti ya ssssp, na ile sauti ni hewa inayoingia pamoja na chai. Chapati anakata kipande kikubwa, hajamaliza kutafuna tayari mkono umekata kingine uko mdomoni unasubiri. Jioni nyumbani ni ugali, yale yale, tonge linafinyangwa wakati la kwanza bado liko shavuni.

Nilichompa ni hiki, na ndicho ninachowapa wengi. Kwanza chai iache ipoe mpaka uweze kuinywa kwa fundo dogo mdomo umefungwa kwenye kikombe, bila sauti. Pili, na hili nalipenda kuliko yote, mkono usirudi kwenye sahani mpaka umeze. Watu wanaambiwa watafune mara 30 na nani atahesabu mbele ya samaki wa kukaanga? Wewe angalia mkono tu. Kama tonge lingine linafinyangwa na mdomo bado una kazi, unakimbia. Ukifanya hivyo mlo utafika dakika 20 wenyewe bila saa. Kama mapumziko hayatoshi, kula chapati moja, nyingine kula baadaye. Maji kunywa mafundo madogo kutoka kwenye glasi, siyo kupachika chupa mdomoni kichwa juu, na mrija achana nao maana ukiuvuta cha kwanza kupanda ni hewa iliyomo ndani yake. Bablish na pipi za kumung'unya hivyo hivyo, unameza mate kila saa na kila mate yana hewa yake. Sigara nayo imo.

Alafu kupumua. Wengi hapa wananikatisha tamaa, wanataka kidonge, ukiwaambia kupumua wanaona umewadharau. Kaa umeegemea, mkono mmoja kifuani mwingine juu ya kitovu. Fungua mdomo kidogo, ncha ya ulimi iguse nyuma ya meno ya mbele ya juu. Vuta pumzi taratibu kwa pua kwa kuhesabu mpaka nne, mkono wa tumboni unyanyuke, wa kifuani utulie. Toa taratibu kwa kuhesabu mpaka sita. Dakika tano mpaka kumi baada ya mlo, na kila ukihisi hamu ya kubeua inakuja. Ulimi na mdomo vikiwa hivyo ni vigumu kunyonya hewa, na dayaframu ikiwa na kazi ya kupumua haiwezi wakati huo huo kufanya ule mchezo wake. Ukishindwa kushika ulimi, bana kalamu kati ya meno, utaona unavyohangaika kumeza. Ile hamu ya kubeua itapanda, itakubana, alafu itashuka bila kubeua na tumbo halitapasuka, hicho ndicho watu wanaogopa.

Haikuisha siku hiyo, wala wiki hiyo. Siku za kwanza alilalamika kwamba anahisi kujaa zaidi, na nilimtahadharisha itakuwa hivyo maana alikuwa anazuia kitu alichozoea. Baada ya wiki kadhaa alisema siku nyingine zinapita anabeua baada ya chakula tu, na wiki ya mitihani inarudi kidogo. Hivyo ndivyo inavyokwenda, kwa watu wenye stresi inapanda na kushuka.

Sasa soda. Unasema ukinywa soda unabeua unapata nafuu, hivyo soda inatoa gesi. Chupa ya mililita 350 imejazwa gesi ya kaboni ambayo ikitoka yote inaweza kukaribia lita moja, sasa niambie unayoibeua ni ya zamani au ni hiyo uliyoinywa sasa hivi? Vile vipakti vya unga wa povu ni hivyo hivyo, unga ukikutana na asidi unatengeneza gesi. Kwa kiungulia cha siku moja vinaweza kusaidia, kwa kubeua unajichekesha.

Maharage na kabichi: vinaleta gesi kweli, lakini inatengenezwa chini kwenye utumbo mpana, masaa baada ya kula, na njia yake ni ya chini, mnaijua. Kama shida yako ni kubeua tu huna haja ya kumnyima mama ntilie hela ya maharage.

Gesi imepanda mgongoni, imeenda kichwani: haipandi, njia hiyo haipo. Ila hapa nitakuwa mkali, maumivu ya kifua yanayobana ukipanda ngazi au ukitembea haraka, yanayokwenda mkono au taya, na jasho, usiyaite gesi hata kama unabeua. Mtu mwenye shida ya moyo anaweza kubeua pia. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Na vidonda vya tumbo. Kubeua peke yake siyo dalili ya vidonda, na siyo sababu ya kumeza antibiotiki. Kama una maumivu ya chembe ya moyo ya mara kwa mara, pima wale bakteria wa vidonda, ila pima kwa kinyesi au kwa pumzi. Kile kipimo cha damu kinaangalia kinga ya mwili, kinaweza kubaki pozitivu muda mrefu hata baada ya kutibiwa ukapona, ndiyo maana kuna watu wanatibiwa kitu kile kile kila mwaka. Kiungulia kinachorudi rudi kinahitaji matibabu yake na hapo omeprazoli ina kazi.

Chakula kikikwama kooni, ukipungua uzito bila kutaka, ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami, au tumbo limejaa na unatapika kila unachokula, achana na mambo yangu ya tonge na kalamu, uje upimwe kwanza. Wengine wote, kabla hujaniletea gesi yako, kaa na mtu mezani muda wa mlo mmoja, mwambie aangalie mkono wako tu.