Visanduku tisa: utendaji si uwezo wa kukua

“Anayevuka malengo kila mwaka si ndiye wa kisanduku cha juu kulia? Apandishwe cheo tu!”

Hapana. Jedwali la visanduku tisa, ambalo kampuni hulitumia kuwapanga wafanyakazi kwa ngazi za chini, kati na juu katika mihimili miwili, lilitokana na lile ambalo McKinsey, kampuni ya ushauri wa biashara, waliitengenezea General Electric miaka ya 1970 ili kuamua biashara ipi iongezewe mtaji. Baadaye maofisa rasilimali watu wakaligeuza lipime watu. Mhimili wa chini ni utendaji, yaani kazi iliyokwisha kufanyika. Mhimili wa wima ni uwezo wa kumudu kazi kubwa zaidi, au ya aina nyingine.

Chukua kampuni ya watu 150. Muuzaji mmoja amevuka malengo miaka miwili mfululizo, na bosi wake anampa “juu” kote kuwili. Kwenye kikao cha kulinganisha alama, mameneja wengine wanamuuliza: amewahi kumfundisha mgeni kazi? Alipohamishiwa bidhaa mpya, alichukua muda gani kuizoea? Bosi hana mfano hata mmoja. Muuzaji anabaki utendaji wa juu, uwezo wa kati. Hapo hajaadhibiwa: anapewa wauzaji wawili awasimamie kwa miezi sita, kisha anapimwa upya. Bonasi yake haiguswi, maana hiyo ni ya mauzo.

Kosa hili la kuchanganya utendaji na uwezo huonekana kwa macho kwenye jedwali. Majina yakijipanga karibu yote kwenye mshazari, kutoka chini kushoto hadi juu kulia, huenda mameneja wamepima kitu kimoja mara mbili.