Je, wajua kwa nini maji moyo huua mbuzi mgeni na kumwacha mwenyeji?

"Mbuzi wa majirani hapa Nachingwea wana kupe tele na wanadunda tu. Wangu wa maziwa, waliokulia bandani huko walikotoka, wanakufa mmoja mmoja. Kwa nini?"

Wa jirani waliumwa na kupe hao wakiwa bado wachanga. Siku za mwanzo za maisha, mwili wa kitoto cha mbuzi huhimili vijidudu vya maji moyo; kwa ndama hali hiyo hufika hadi wiki tatu au nne. Anayeambukizwa wakati huo mara nyingi haonyeshi dalili, na kinga hubaki. Wako wamekutana na ugonjwa ukubwani, mwili ukiwa haujawahi kuuona.

Anayewaletea ni kupe mkubwa mwenye miguu ya pingili nyeupe, Amblyomma variegatum. Dume lake lina mgongo wa rangi ya chungwa wenye michoro myeusi. Hunyonya kijidudu, Ehrlichia ruminantium wa jamii ya riketsia, akiwa bado mchanga, kiluwiluwi au tunutu, juu ya mnyama mwenye maambukizi, kisha humwambukiza mwingine baada ya kujivua gamba. Kijidudu huishi ndani ya seli zinazotandika mishipa ya damu. Mishipa ikidhurika, majimaji huvuja: kwenye mfuko wa moyo, mapafuni, ubongoni. Ukimpasua aliyekufa unaweza kukuta maji ya manjano yamezunguka moyo na povu limejaa koo la hewa. Lakini si kila mzoga una maji hayo, kwa hiyo uhakika hupatikana kwa kupaka chembe za ubongo kwenye kioo na kuzitazama kwa darubini. Mtwara kuna kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari.

Tuseme jike wa kilo 30 aliyeanza kuchungwa porini wiki mbili zilizopita. Kwanza ni homa tu, nyuzi 41, na kukataa kula. Hapo ndipo tiba inafaa: oksitetrasaiklini ya asilimia 20, mililita 1 kwa kila kilo 10, kwake mililita 3 ndani ya msuli, mtaalamu wa mifugo akisimamia. Ukingoja hadi anyanyue miguu juu akitembea, atafune bila kitu mdomoni, apepese kope na kuanguka akipiga miguu hewani, dawa mara nyingi haimfikii tena. Wengi hudhani amekula sumu, na muda unapotea.

Kupe hahamishi kijidudu papo hapo. Huchukua siku moja hadi tatu akiwa ameng'ang'ania. Mkague mgeni kila jioni, hasa kinenani, kwenye kiwele na katikati ya kwato, mahali ambapo bomba la kunyunyizia halifiki vizuri. Muogeshe kwa amitrazi kwa kipimo cha kwenye chupa, kila wiki msimu wa mvua. Wenyeji usiwaogeshe mno: kundi lisiloumwa na kupe kabisa hukuza vitoto visivyo na kinga, na siku dawa ikikosekana dukani, wote wanakuwa wageni.