Kutoka Bandarini Hadi Njia Panda: Kwa Nini Makao Makuu Yalikwenda Dodoma

Ukimuuliza mtu kwa nini makao makuu ya Tanzania ni Dodoma, jibu huja haraka: ni katikati ya nchi. Jibu si baya, ila halitoshi. Manyoni nayo iko katikati, na hakuna aliyependekeza kupeleka Bunge huko. Sisi tunaofanya kazi ya kupanga miji huanza kwa swali jingine: mji uliopo sasa uliwekwa pale ulipo kwa ajili ya nani?

Dar es Salaam iliwekwa kwa ajili ya meli. Wajerumani walianza kutawala wakiwa Bagamoyo, mji wa misafara ya biashara, lakini pwani ya Bagamoyo ina maji mafupi na meli kubwa zililazimika kutia nanga mbali, mizigo ikafikishwa ufukweni kwa mashua. Dar es Salaam ina ghuba yenye kina, tena imejificha nyuma ya mlango mwembamba. Mwaka 1891 serikali ya kikoloni ikahamia huko. Kwa hiyo tulikwisha kuhamisha makao makuu mara moja, kwa sababu ya kina cha maji tu. Reli ya Kati ilipoanza kujengwa, ilianzia hapo hapo bandarini kuelekea bara, kama mkono unaonyooshwa kuchukua kitu na kukirudisha mdomoni.

Serikali huru ilirithi mpangilio huo. Afisa wa Kigoma, wa Bukoba au wa Songea mwenye jambo la wizarani alisafiri mpaka ukingo wa nchi, akamaliza shughuli yake, akarudi. Shule, viwanda, hospitali kubwa na ajira za mshahara vilijikusanya pale palipo na serikali na bandari kwa pamoja. TANU ilipoamua Oktoba 1973 kuhamia Dodoma, baada ya suala hilo kupelekwa kwenye matawi ya chama, hoja kuu ilikuwa hiyo: serikali inayosema inajenga vijiji haiwezi kukaa bandarini. Ilikuwepo pia hoja ya usalama, ambayo wakati ule haikuwa ya mzaha. Novemba 1970 mji mkuu wa Guinea, Konakri, ulikuwa umevamiwa kutoka baharini. Hata hivyo, kwa maoni yangu, hoja ya usalama huzeeka upesi. Hoja ya umbali kati ya raia na ofisi ndiyo hubaki.

Basi kwa nini Dodoma na si Tabora, iliyokuwa na jina kubwa zaidi katika historia ya nchi? Tazama njia. Reli ya Kati inapita Dodoma kutoka mashariki kwenda magharibi. Barabara Kuu ya Kaskazini, ile inayotoka Mbeya na Iringa kwenda Kondoa, Babati na Arusha, inaikata reli hiyo hapo hapo. Zinapokutana ndipo mji ulipo. Wataalamu wa miji huheshimu njia panda kuliko kitovu cha ramani, kwa sababu kitovu ni hesabu ya rula, na njia panda ni hesabu ya nauli. Dodoma iko pia juu, takribani mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, usiku wake una ubaridi, na ardhi yake ni tambarare yenye vilima vya mawe ambayo si ghali kuijenga. Wenyeji wake, Wagogo, hawakuwa kabila lenye kushika dola wala uchumi, hivyo hakuna mkoa mkubwa ambao ungelalamika kwamba jirani yake amependelewa. Jambo hili la mwisho halitangazwi sana kwenye hotuba, lakini karibu kila nchi iliyohamia bara imelipima. Nijeria, ilipoichagua Abuja mwaka 1976, ililipima waziwazi.

Kasoro ilikuwa kwamba mwaka 1973 njia panda ya Dodoma ilikuwa zaidi kwenye karatasi. Reli ilikuwepo. Barabara ya kaskazini ilikuwa ya vumbi, na ukamilifu wa lami kati ya Dodoma na Babati ulikuja katika miaka ya 2010. Mji ulichaguliwa kwa sababu ya njia ambazo nusu yake hazikuwa zimejengwa, na hilo linaeleza sehemu ya ucheleweshaji.

Sehemu nyingine inaelezwa na fedha. Mpango ulikuwa kuhama ndani ya miaka 10. Mwezi ule ule uamuzi ulipotangazwa, bei ya mafuta duniani ilianza kupaa. Ukame ukafuata, kisha vita na Idi Amin mwaka 1978 na 1979, kisha miaka ya uhaba wa kila kitu. Ramani ya mji ilikuwepo, imechorwa na kampuni ya Kanada mwaka 1976, na ilikuwa ramani ya kupendeza: mji wa watembea kwa miguu na mabasi, usiojifanya mfalme, wenye vitongoji vilivyounganishwa kama vijiji. Lakini saruji haikuwepo.

Bunge lilianza kufanya vikao vyake Dodoma moja kwa moja mwaka 1996. Hapo tukaingia katika hali ambayo ni ghali kuliko kubaki na ghali kuliko kuhama, yaani kuwa na makao mawili. Kila Bunge likikaa, misururu ya magari ya wizara ilipanda Dodoma na mawaziri, makatibu wakuu na wataalamu wao, wote wakiwa safarini kikazi, wote wakilipwa posho. Bunge likiahirishwa, misururu inashuka. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza ninayoitafuta katika nchi yoyote inayosema imehamisha makao makuu: mtumishi wa serikali akiwa pale, analala nyumbani kwake au hotelini? Akiwa bado analala hotelini, mji haujahama.

Kilichovunja mkwamo ni mpangilio wa nani anatangulia. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali itahamia Dodoma kabla ya muhula wake kwisha. Waziri Mkuu alihama Septemba mwaka huo huo, mawaziri wakamfuata, Makamu wa Rais Desemba 2017, Rais mwenyewe Oktoba 2019. Majengo hayakusubiriwa. Wizara nyingi zilijibanza katika majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, na baadaye kila wizara ikapewa shilingi bilioni 1 kujenga ofisi ndogo za kuanzia Mtumba, upande wa mashariki kando ya barabara ya Dar es Salaam. Mpangaji wa miji aliyeisoma ramani ya 1976 ataguna kidogo, maana Mtumba haikuwa kitovu cha serikali kwenye ramani ile. Lakini bosi akihama, faili linahama, na mwenye shida na faili naye anahama. Kwa miaka 43 tulikuwa tumelifanya kinyume, tukisubiri nyumba ndipo mwenye nyumba aje.

Kuna somo la ardhi ambalo halizungumzwi vya kutosha. Mwaka 1973 iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wakazi wa Dodoma waliiita CDA tu. Mamlaka hiyo ndiyo iliyokuwa mwenye hati ya ardhi ya mji, na wananchi walipata kwake haki ya kutumia kiwanja kwa miaka 33. Wazo lilikuwa zuri: ukitangaza mji mkuu mpya, walanguzi hukimbilia viwanja kabla ya serikali, na serikali huishia kununua kwa bei ya juu ardhi iliyokuwa pori jana. Mwenye ardhi mmoja huzuia hilo. Lakini miaka 33 ni mifupi kwa mtu anayetaka kujenga ghorofa kwa mkopo, wakati kwingineko nchini hati hufika miaka 99. Wenye vijiji vilivyomezwa na mji nao waliona wanahamishwa na mamlaka ambayo si diwani wao wala halmashauri yao. Malalamiko yalirundikana, na Mei 2017 CDA ikavunjwa, kazi zake zikapelekwa manispaa, na hati zikaelekezwa kuwa za miaka 99. Ukiunda chombo cha aina hii, kipe tarehe ya kufa siku unayokizaa.

Nimeacha maji mwisho kwa sababu ndiyo yanayonikosesha usingizi. Dodoma hupata msimu mmoja wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, na kwa wastani milimita zisizozidi sana 550 kwa mwaka. Hakuna mto wa kudumu karibu. Sehemu kubwa ya maji ya mji hutoka ardhini, kwenye visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji, ambako maji hukaa kwenye nyufa za miamba.

Bahati nzuri ni kwamba kina cha maji Makutupora kimepimwa tangu miaka ya 1950, kumbukumbu ndefu ambayo si rahisi kuipata kwingine katika nchi za joto. Ukiichora inafanana na meno ya msumeno. Kwa miaka kadhaa mstari unashuka taratibu, hata mvua za kawaida zinaponyesha, kwa sababu mvua ya kawaida hunywewa na udongo na miti na jua kabla haijafika chini. Kisha unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa kupita kiasi, kama ule wa Elnino wa 1997 na 1998, na mstari unaruka juu kwa ghafla. Mji unaishi kwa akiba ya mafuriko.

Sasa weka watu. Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Ile ya 2022 ilihesabu 765,179 katika Jiji la Dodoma. Ukimpa kila mmoja lita 100 kwa siku, ambazo si anasa, unahitaji lita milioni 76 kila siku kabla ya kiwanda, hospitali au ujenzi kuchukua tone. Ndiyo maana yapo mazungumzo ya bwawa la Farkwa na ya bomba kutoka Ziwa Viktoria. Mtu anayetaka kujua kama Mzakwe inazidiwa asitazame mwaka wa ukame, kwa sababu mstari hushuka kila ukame. Atazame kilele baada ya mvua kubwa inayofuata. Kilele kipya kisipofikia kile cha zamani ilhali mvua ilikuwa sawa, basi tunachota kuliko tunachorudishiwa.

Na Dar es Salaam, iliyotarajiwa kupunguziwa mzigo? Katika miaka hiyo hiyo 10 ilitoka watu milioni 4.36 hadi milioni 5.38. Bandari haikuhama, na wanaoifuata bandari hawakuhama. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inaziunganisha bandari na njia panda ndani ya saa chache, na Ijumaa jioni mabehewa ya kushuka pwani hujaa watumishi wanaorudi kwa familia zao.