Alama 12 za binti wa Kisauni: je, amepanda au kipimo kimeyumba?

Tuchukue mfano wa darasa la Gredi ya 7 huko Kisauni, lenye wanafunzi 40. Walifanya karatasi ya Kiswahili ya maswali 50 ya kuchagua jibu shule zilipofunguliwa, kisha karatasi nyingine ya aina ile ile na ugumu ule ule muhula ulipokwisha. Wastani wa darasa ni 55 kwa mia mara zote mbili. Binti mmoja alipata 40 mara ya kwanza na 52 mara ya pili. Mama yake amefurahi, mwalimu wa tyusheni anasema hiyo ni kazi yake, na kwenye ripoti kumeandikwa “ameimarika sana”. Huenda wote wako sahihi. Ila hizo alama 12 peke yake haziwezi kuthibitisha hivyo, na sababu inaweza kupigiwa hesabu.

Dhana: Alama 12 zikiongezeka, mtoto amejifunza cha alama 12.

Alama anayopata mtoto siku ya mtihani ni mchanganyiko wa mambo mawili. Kuna kile anachokijua kwa kweli, na kuna kuyumba: maswali yaliyotokea kuangukia alichosoma jana, kubahatisha kati ya A na C, usingizi wa usiku ule. Angefanya karatasi nyingine inayofanana na hiyo kesho yake, bila kufundishwa neno, asingepata alama ile ile.

Kinachohitajika ni kujua kuyumba huko kuna ukubwa gani, na vitu viwili vinatosha kuukadiria. Cha kwanza ni mtawanyiko wa alama darasani, yaani mkengeuko sanifu, ambao kwa darasa letu ni 15. Cha pili ni uthabiti wa mtihani, namba iliyo kati ya 0 na 1 inayoeleza ni sehemu gani ya tofauti baina ya wanafunzi inatokana na ujuzi wao na siyo na bahati.

Uthabiti haupatikani kwa kukisia. Mwalimu anaweza kuupata kwa karatasi moja tu: ampe kila mwanafunzi alama mbili, moja ya maswali ya namba witiri na nyingine ya namba shufwa, kisha akokotoe uwiano, yaani namba inayoonyesha jinsi safu hizo mbili zinavyoandamana. Tuseme amepata 0.72. Hiyo ni ya nusu ya mtihani, maswali 25. Kwa mtihani mzima hutumika kanuni ambayo Spearman na Brown waliitoa mwaka 1910, kila mmoja kwa njia yake: mara mbili ya 0.72 igawanywe kwa 1 jumlisha 0.72. Jibu ni 0.84.

Sasa kosa la kipimo: mkengeuko sanifu mara kipeuo cha pili cha (1 − uthabiti). Moja toa 0.84 ni 0.16, kipeuo chake ni 0.4, mara 15 ni 6. Alama yoyote katika karatasi hii inayumba kwa kiasi cha alama 6 hivi juu au chini ya kile mtoto anachokijua, na karibu mara moja katika kila tatu huyumba zaidi ya hapo.

Dhana: Kosa ni 6 na binti amepanda 12, kwa hiyo amevuka.

Walimu wanaojua hesabu hii mara nyingi hukwama hapa. Sita ni kosa la mtihani mmoja. Sisi tunalinganisha mitihani miwili, na kila mmoja umekuja na kuyumba kwake. Mara ya kwanza inawezekana bahati ilimwangusha, mara ya pili ikambeba, na tofauti ikaonekana kubwa kutoka pande zote mbili.

Makosa mawili hayajumlishwi moja kwa moja, kwa sababu hayaelekei upande mmoja kila wakati. Kosa la mtihani mmoja huzidishwa kwa kipeuo cha pili cha 2, ambacho ni 1.41 na kidogo. Sita mara hiyo ni 8.5. Hicho ndicho kiasi ambacho tofauti ya mitihani miwili huyumba hata pale ambapo mtoto hajaongeza chochote. Halafu gawanya: 12 kwa 8.5 ni 1.41. Kipimo hiki cha badiliko la kuaminika kilienezwa na Jacobson na Truax mwaka 1991, nao walikuwa wakitathmini wagonjwa wa matibabu ya akili, lakini hesabu yake ni ile ile kwa mwanafunzi. Jibu likipita 1.96, tunasema tofauti imezidi kuyumba, maana kuyumba peke yake kungeleta tofauti ya ukubwa huo, juu au chini, chini ya mara 5 katika 100. Ya binti wetu ni 1.41. Haijavuka. Kwa karatasi hii, ingebidi apande zaidi ya alama 16.6 ndipo avuke.

Mwenye jedwali la alama kwenye kompyuta anaweza kuandika hivi, alama za kwanza zikiwa safu ya B:

```
=STDEV.S(B2:B41)*SQRT(1-0.84)
=1.96*SQRT(2)*STDEV.S(B2:B41)*SQRT(1-0.84)
```

Mstari wa kwanza unatoa 6, wa pili unatoa 16.6.

Dhana: Basi binti hajajifunza kitu.

La, na nalisisitiza hili kwa sababu ndilo linaloumiza watoto. Hesabu imesema kwamba kipimo hiki hakiwezi kutenganisha maendeleo yake na bahati. Haijasema maendeleo hayapo. Ukichukua 12 na kuweka 16.6 kila upande, badiliko lake la kweli linaweza kuwa popote kati ya kushuka alama 4 au 5 na kupanda 28 au 29. Sehemu kubwa ya eneo hilo iko upande wa kupanda. Mwalimu mwaminifu angemwambia mama: “Mama, dalili ni nzuri, lakini karatasi hii moja haitoshi kunihakikishia.”

Na kipimo hukata pande zote mbili. Jirani yake aliyeshuka kutoka 60 hadi 48 ameshuka 12 zile zile, nayo haijavuka kuyumba. Mtoto huyo kuadhibiwa nyumbani au kuitwa mzembe mbele ya wenzake, kwa tofauti ambayo bahati peke yake huileta, ni dhuluma.

Dhana: Uthabiti ni sifa ya karatasi, kwa hiyo 0.84 yafaa popote karatasi inapokwenda.

Kosa hili ndilo gumu zaidi kuliona, kwa sababu kila namba inayotumika ni ya kweli, ila zimetoka kwa makundi mawili tofauti.

Tuseme shule jirani imewagawa wanafunzi kwa uwezo, na mwalimu wa mkondo wa chini anatumia karatasi ile ile. Wanafunzi wake wanakaribiana, kwa hiyo mkengeuko sanifu wao ni 9 tu. Anasikia kwamba uthabiti wa karatasi ni 0.84, anaichukua. Tisa mara 0.4 ni 3.6. Mara 1.41 ni 5.1. Mara 1.96 ni 10. Mwanafunzi wake aliyetoka 40 hadi 52 amevuka mpaka kwa raha, na ripoti inaandikwa kwa kalamu nzito.

Lakini kuyumba kwa karatasi hakukupungua kwa sababu watoto wamepangwa chumba kingine. Maswali ni yale yale 50 na kubahatisha ni kule kule, kwa hiyo kosa la kipimo linabaki karibu na 6. Kilichopungua ni tofauti za ujuzi baina ya watoto. Fuata hesabu kwa mraba: mtawanyiko wote ni 9 mara 9, yaani 81. Kati ya hizo, 36 ni za kuyumba (6 mara 6), na 45 zilizobaki ni za ujuzi. Uthabiti katika mkondo huo ni 45 kwa 81, karibu 0.56. Ukitumia 9 pamoja na 0.56 unarudi kwenye kosa la 6 na mpaka wa 16.6. Ukichanganya 9 na 0.84 unajitengenezea mpaka wa 10 ambao haupo.

Kwa hiyo mtawanyiko na uthabiti lazima vitoke kundi moja. Ukikuta mkengeuko wa darasa lako uko mbali na wa kundi lililotoa uthabiti, usiziunganishe. Chukua kosa la kipimo lililokwisha kukokotolewa katika kundi lile, kwa sababu lenyewe halihamihami sana.

Dhana: Aliyekuwa chini akapanda, ni tyusheni iliyompandisha.

Watoto wanaopelekwa tyusheni mara nyingi huchaguliwa kwa sababu alama zao zilikuwa chini, na miongoni mwa walio chini wamo wengi ambao siku hiyo bahati iliwakataa. Mara ya pili bahati hairudii kuwakataa wote. Kwa binti wetu, aliyekuwa alama 15 chini ya wastani, tungetarajia mtihani wa pili awe chini kwa 15 mara 0.84, yaani 12.6, hata bila mwalimu wa ziada. Angefika kama 42.4. Katika zile 12, mbili na zaidi zingekuja zenyewe.

Dhana: Ikiwa mtoto mmoja hathibitiki, basi darasa pia halithibitiki.

Kuyumba kwa watoto 40 hupoozana, kwa kuwa mmoja akibebwa mwingine huangushwa. Mpaka wa 16.6 ukigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 40 unakuwa 2.6. Wastani wa darasa ukipanda alama 3, kuyumba kwa watoto mmoja mmoja hakutoshi kueleza hilo, hata kama hakuna mtoto hata mmoja aliyevuka mpaka wake. Bado itabidi uulize kama karatasi ya pili ilikuwa rahisi zaidi.

Dhana: Hesabu hii imekamata kila aina ya kuyumba.

Uthabiti wa witiri na shufwa huona bahati ya maswali tu, kwa sababu nusu zote mbili zilifanywa saa ile ile. Mtoto wa Likoni aliyechelewa kivukoni akaingia akihema, mwenye homa, aliyefunga Ramadhani katika joto la alasiri: hali hiyo hugusa maswali ya witiri na ya shufwa sawasawa, na hesabu huiona kama ujuzi. Kwa hiyo 16.6 ni makadirio ya chini, na mpaka wa kweli uko juu zaidi.

Kuna dawa inayopunguza bahati ya maswali na bahati ya siku kwa pamoja. Mwanzoni mwa muhula mpe karatasi mbili zenye ugumu sawa, siku mbili tofauti, uchukue wastani. Mwishoni fanya vivyo hivyo. Kosa la 6 linagawanywa kwa 1.41 na kuwa 4.2, na mpaka unateremka hadi 11.8. Hapo wastani wa binti ukipanda alama 12, mwalimu anaweza kuandika kwenye ripoti kwamba ameimarika, isipokuwa kama alichaguliwa kwa sababu ya kuwa chini: hapo kwanza hutolewa alama moja na kidogo za kurudi kuelekea wastani, na zinazobaki hazifiki 11.8.