Herufi ndogo ni mnong'ono

"Kiswahili kina maneno marefu. Ukitafsiri katuni, na sentensi isipoenea kwenye kiputo cha maneno ya mhusika, si unapunguza tu ukubwa wa herufi?"

Hapana. Katika katuni, herufi ndogo ndani ya kiputo kikubwa husomwa kama mnong'ono. Mhusika kafungua mdomo wote, jasho linamtoka, halafu msomaji anasikia akinong'ona!

Tena urefu wa sentensi si tatizo kubwa kama urefu wa neno moja. Vibonzo vya Kijapani ndivyo hutesa zaidi: maandishi yao yalishuka wima, kwa hiyo viputo ni virefu na vyembamba. Chukua mama anayemfokea mtoto mlangoni: "Nilikuambia usiufungue mlango huo!" Neno la kwanza lina herufi 11, na ukilikata kwa kistari linasomeka kama kigugumizi. Mlango umeshachorwa, mkono uko kwenye kitasa. Huna haja ya kuutaja. Andika hivi:

Si
nilisema
usiguse,
wewe?

Neno refu sasa lina herufi 8, na mistari mirefu imekaa katikati, pale kiputo kinapopanuka. Hasira nayo imebaki. Mimi naona hata imeongezeka.

Kwenye milio ndiko tuna bahati. Kitu kikitumbukia majini, "tubwi!" inatosha, kijiti kikivunjika, "kacha!" Mlio ukiwa umechorwa juu ya picha yenyewe, wengi huuacha na kuweka tanakali ndogo pembeni, maana kuufuta ni kuchora upya kilichokuwa nyuma yake.