Mvuke Ukitoka Kwenye Jiko la Presha, Mpira Usihukumiwe Kwanza

Tangu nianze kutengeneza majiko ya presha ya umeme hapa Mwanjelwa, Mbeya, hakuna kauli niliyoisikia mara nyingi kuliko hii: "Fundi, mpira umekwisha, niuzie mwingine." Mteja huisema kabla hata hajaliweka jiko juu ya meza, na mara nyingi huwa amekwisha kununua mpira mmoja mahali pengine, ukamshinda.

Ukweli ni kwamba mpira wa mfuniko ni sehemu moja tu kati ya zinazozuia mvuke. Katikati ya mfuniko kuna tundu lenye pini ndogo ya chuma, na chini ya pini hiyo, upande wa ndani, kuna kofia ndogo ya mpira isiyozidi ukubwa wa kifungo cha shati. Maji yanapoanza kuchemka, mvuke hupenya pembeni mwa pini, na hilo ni jambo la kawaida kwa dakika chache. Mvuke ukizidi nguvu huisukuma pini juu, kofia hubana tundu kutoka ndani, na hapo ndipo presha inapoanza kujengeka. Pini isiponyanyuka, hata ukibadilisha mipira kumi jiko litaendelea kupuliza.

Mwezi uliopita mama mmoja wa Uyole aliniletea jiko la lita 6 akiwa na mipira mitatu mipya ndani ya mfuko, mmoja wao ukiwa wa jiko la lita 8, ambao usingekaa hata kidogo. Alisema maharage yalipuliza mvuke zaidi ya nusu saa, maji yakapungua, yakaanza kunukia kuungua huku uniti za LUKU zikiteketea. Nilimuuliza swali moja: "Mama, mvuke ulitokea kingoni au katikati?" Akajibu kwamba ulitokea katikati. Nikaugeuza mfuniko, na pini ikadondoka mezani, kwa sababu kofia yake haikuwepo. Mfuniko ukiwa umesimama sawasawa pini hukaa tunduni kwa kichwa chake, kwa hiyo anayeangalia kwa juu huona kila kitu kipo. Kofia ilikutwa nyumbani, imenasa ndani ya sponji ya kuoshea vyombo. Tuliirudisha, tukaweka vikombe 3 vya maji tu, tukafunga, na kabla ya dakika kumi pini ilikuwa juu na mvuke umekatika. Na mpira uliokuwa kwenye mfuniko ulikuwa ule ule wake wa zamani.

Kwa hiyo chunguza kwanza mvuke unakotoka, kwa kupitisha kijiko baridi chenye mpini mrefu, wala si mkono. Ukiwa katikati, zima jiko, lichomoe, subiri lipoe, kisha toa pini uioshe, kwa maana povu la maharage hukauka na kuigandisha. Ikiwa safi, hupanda ukiisukuma kwa kidole na kushuka yenyewe. Mimi huwasihi wateja waioshe kila baada ya kupika maharage au makande, na wengi hawanisikii. Ukiwa kingoni, tazama kama mpira umeingia chini ya waya wa duara pande zote, na kama hakuna ganda la harage lililonasa. Kagua pia ukingo wa sufuria ya ndani, kwa sababu mpira hubana juu yake. Wapo wanaoisongea ugali sufuria hiyo juu ya jiko la mkaa na kuugonga mwiko ukingoni, halafu wanashangaa mvuke unapopita palipobonyea. Mpira wenyewe hubadilishwa ukipasuka, ukilegea hadi kutoka kwenye waya, au baada ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu wa kupika mara kwa mara.

Wengine husema Mbeya kuna baridi na mwinuko, ndiyo maana jiko halishiki presha. Si kweli. Katika mwinuko wetu wa takriban mita 1,700, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, jambo linalokulazimu kuongeza dakika za kupika, lakini halihusiani na kuvuja.

Kizibo cha kutolea mvuke kuchezacheza nako si ubovu. Kimeundwa kiwe hivyo. Anayekifunga kwa kamba au kukiwekea jiwe anaziba njia ya usalama, na jiko la namna hiyo silipokei mpaka kamba itolewe mbele yangu.

Mfuniko nao haufungwi kwa nguvu. Ukigoma chakula kikiwa cha moto, mara nyingi ni hewa moto iliyoinyanyua pini. Weka kizibo upande wa kutoa mvuke, subiri pini ishuke, kisha zungusha mpaka alama ya mfuniko ilingane na ile ya kufunga. Katika majiko mengi, mfuniko ulioishia njiani huizuia pini isipande, nawe utadhani mpira umekwisha.